Nukta za wavuvi wa Manda: mwamba hauingii ndani ya duara

*Mwalimu, shikamoo. Niko Lamu, nasaidia kikundi cha wavuvi kuchora ramani ya sehemu wanazovua. Nina nukta 1,840 za jipiesi kutoka pande za Manda, za wazamiaji wa kamba mawe na za wavua kaa. Nilitumia `KMeans` nikaomba makundi 6. Kitovu cha kundi moja kikaangukia nchi kavu, karibu na magofu ya Takwa! Nikaambiwa nijaribu DBSCAN. Nilipoweka `eps=0.5` ikanipa kundi moja tu. Nilipoweka `eps=0.00001` ikasema zote ni kelele. Hizo namba mbili inazozitaka ni za nini hasa? Faili nimekutumia.*

Marahaba. Faili nimelifungua, na nashukuru umelileta, kwa sababu hicho kitovu cha Takwa kinaeleza jambo kuliko ambavyo ningeeleza kwa mchoro wa ubaoni.

Wewe wapajua Takwa. Hori linaingia kutoka upande wa ndani, likipinda katikati ya mikoko, mpaka karibu likate kisiwa cha Manda vipande viwili. Linakoma karibu na magofu. Ukishuka hapo ukavuka kile kipande chembamba cha ardhi, unatokea upande wa pili, bahari kuu iko mbele yako na mwamba nje yake. Wavua kaa wako horini, wazamiaji wako mwambani. Ni watu mbalimbali, wenye vyombo mbalimbali, na hawaonani siku nzima, lakini ukipima kwa rula juu ya ramani wako karibu.

`KMeans` inajua rula tu. Inaweka vitovu, kila nukta inajiunga na kitovu kilicho karibu nayo, kisha kitovu kinasogezwa kwenye wastani wa nukta zake, na kazi inarudiwa hadi vitovu vitulie. Ikichukua nukta za mwisho wa hori pamoja na za kipande cha mwamba kilicho ng'ambo, wastani wake utaangukia wapi kama si katikati, juu ya magofu? Haikukosea hesabu. Shida yake ni umbo. Mpaka kati ya vitovu viwili huwa ni mstari ulionyooka daima, kwa hiyo kila kundi linakuwa kama shamba lililozungushiwa ua wa pande zilizonyooka, lisilo na kona inayoingia ndani. Mwamba uliopinda kama mundu hauwezi kuwa shamba la namna hiyo. Ama utakatwa vipande, ama utachanganywa na kilichomo ndani ya mpindo wake. Kwako yametokea yote mawili: mwamba mmoja umekatwa mara tatu, na kipande kimoja kimeozeshwa na hori.

DBSCAN haina kitovu. Ilitolewa mwaka 1996 na Martin Ester, Hans-Peter Kriegel, Jörg Sander na Xiaowei Xu, waliokuwa Chuo Kikuu cha Munich, na tangu mwanzo ilikusudiwa data za mahali kama hizi zako. Haiulizi nukta iko karibu na kitovu kipi. Inaiuliza nukta: umbali fulani kukuzunguka, mko wangapi? Umbali huo ndio `eps`. Idadi inayotosha kusema "hapa pamesongamana" ndiyo `min_samples`. Hizo ndizo namba mbili, hakuna ya tatu, na hasa hakuna ya kuiambia kuna makundi mangapi.

Tuifanye kwa mkono mara moja. Chukua mitego saba iliyotegwa kufuata ukingo wa mwamba, tuipime kwa mita kutoka mtego wa kwanza: A yuko 0, B 80, C 140, D 210, E 340, G 440, na F 600. Tuseme `eps` ni mita 150 na `min_samples` ni 4. Katika `scikit-learn` nukta hujihesabu yenyewe, usilisahau hilo.

B anamwona A (mita 80), C (60) na D (130). Pamoja na yeye mwenyewe ni wanne, wanatosha, basi B ni nukta kiini. C anawaona A, B na D, naye ni kiini. D anawaona B, C na E, naye pia. A anawaona B na C tu, wako watatu. Si kiini, ila amesimama ndani ya upeo wa kiini, kwa hiyo anaingia kundini kama nukta ya pembeni. E hali yake ni hiyo hiyo: anawaona D na G, wako watatu, lakini D aliye kiini anamchukua. F yuko peke yake, ni kelele, yaani nukta isiyo ya kundi lolote.

Sasa mtazame G, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza. G yuko mita 100 kutoka kwa E, na E ni mwanakundi. Hata hivyo G ni kelele. E ameingia kundini, lakini hana uwezo wa kumwingiza mwingine, kwa kuwa si kiini. Fikiria wikio za mji wa Lamu, zile zinazounganisha nyumba mbili juu ya uchochoro. Nyumba yenye wikio huku na huku unaingia na unapita kwenda ya tatu. Nyumba ya mwisho unaingia, unakaa, unanywa kahawa, lakini huko ndiko mwisho. Njia ya kuendelea hakuna. Nukta kiini ni nyumba ya kupita, nukta ya pembeni ni nyumba ya mwisho.

Angalia pia kwamba kundi letu linatoka A hadi E, mita 340, na hali `eps` ni 150. Hapo ndipo siri ya maumbo ilipo. `eps` si ukubwa wa kundi, ni urefu wa hatua moja. Kundi linakua kwa kuruka kutoka kiini hadi kiini, na hatua hizo zinaweza kupinda, kuzunguka ghuba, kutawanyika kama matawi ya hori, kwenda kilomita kumi, madhali kila mahali pa kukanyaga pana watu wa kutosha. Umbo halikadiriwi popote katika hesabu. Linatokana na mahali nukta zilipo.

Turudi kwenye majaribio yako mawili. Uliipa longitudo na latitudo kama zilivyotoka kwenye jipiesi, kwa hiyo `eps=0.5` ilisomwa kuwa nusu digrii. Digrii moja huku kwetu ni kama kilomita 111, basi ulikuwa unaruhusu hatua ya kilomita 55. Kwa hatua hiyo mtu anatoka Shela na kuvuka Pate nzima bila kukanyaga maji. Bila shaka lilikuwa kundi moja. Na `0.00001` ni kama mita 1.1, nayo jipiesi ya mkononi yenyewe hukosea kwa mita kadhaa. Hiyo 0.5 umeikuta tu ndani ya programu. Imewekwa ili pawepo na namba, haijui kama unapima kwa digrii, mita au gramu.

Geuza kuwa mita kwanza. Tuko karibu na ikweta, digrii za pande zote mbili zinakaribiana urefu, kwa hiyo kwa eneo dogo kama Manda hili linatosha:

```
x = (lon - 40.9) * 111240
y = (lat + 2.27) * 110580
XY = np.column_stack([x, y])
```

Wako watakaokuambia utumie `metric='haversine'`, kanuni ya kupima umbali juu ya mviringo wa dunia. Ni sawa, ila hiyo inataka latitudo itangulie longitudo, na zote ziwe kwa radiani. Mimi niliwahi kuipa digrii, nikashinda siku nzima nikivutiwa na makundi ambayo hayakuwa na maana yoyote. Haikulalamika hata kidogo. Tangu siku hiyo natumia mita, jicho langu linaweza kuzikagua.

Kabla ya kuchagua namba kuna usafi wa kufanya. Nilipochora nukta zako niliona doa moja jeusi, nukta nyingi zimepandana mahali padogo kuliko ua wa nyumba. Nikaangalia saa zake: ni chombo kimoja, kimetia nanga, na kifaa kinaandika nukta kila dakika. DBSCAN haihesabu wavuvi, inahesabu nukta. Chombo kimoja kilicholala saa nzima kinaipa nukta 60, na hizo zinatosha kuwa kundi lenye msongamano kuliko mwamba wote. Nimebakiza nukta moja kwa kila safari katika kila mahali chombo kiliposimama, na zile za chombo kikiwa mbioni nimezitoa. Hizo za mbioni zina ubaya wa namna yake: chombo kinapokwenda kutoka hori moja hadi jingine huacha mlolongo wa nukta, mlolongo huo unakuwa daraja, na makundi mawili yanageuka moja. Baada ya usafi zimebaki 1,512.

Sasa namba zenyewe. Anza na `min_samples`, kwa kuwa hiyo unaichagua kwa kuijua kazi yako. Wale waliobuni DBSCAN walipendekeza 4 kwa data ya ramani. Mimi nimechukua 8, kwa sababu safari zako zinarudiarudia na sikutaka siku mbili za mvuvi mmoja ziitwe eneo la uvuvi. Kwa maneno ya ufukweni: pasipofikiwa angalau mara nane ndani ya upeo ule, sipaiti mahali.

`eps` usiibahatishe. Kwa kila nukta pima umbali hadi ya nane, yenyewe ikiwemo, kisha zipange kutoka ndogo hadi kubwa na uchore:

```
nn = NearestNeighbors(n_neighbors=8).fit(XY)
d, _ = nn.kneighbors(XY)
plt.plot(np.sort(d[:, 7]))
```

Mchoro huu watu wengi huutazama kama ramli, wakitafuta mahali unapokunjika kama kiwiko. Lakini maana yake ni nyepesi. Nukta ni kiini iwapo huo umbali wake hadi ya nane hauzidi `eps`. Basi ukipiga mstari wa kulala kwenye mita 180, zote zilizo chini ya mstari ni viini. Sehemu ndefu iliyolala ni ya nukta zenye wenzao. Mkia unaopaa ghafla ni wa nukta za upweke. Kiwiko ndipo wapweke wanapoanza.

Wako ulikuwa na kiwiko karibu na 180. Nikaendesha:

```
db = DBSCAN(eps=180, min_samples=8).fit(XY)
pd.Series(db.labels_).value_counts()
```

Yametoka makundi matano: nukta 702, 398, 151, 84 na 46. Nukta 131 zimepewa `-1`, yaani kelele. Lile la 702 ni mwamba wa nje, mundu mmoja mrefu wa kilomita 6 hivi ambao upana wake haufiki mita 400. La 398 ni hori la Takwa na matawi yake. Na kati ya hayo mawili, pale magofuni, hapana kitu. Ndivyo inavyotakiwa.

Usiiamini namba moja hata hivyo. Isogeze huku na huku uone. Kuanzia 150 hadi 210 makundi yalibaki yale yale matano, nukta chache tu za pembeni zikiingia na kutoka. Hiyo ndiyo dalili kwamba unachokiona kimo ndani ya data wala hukukipika kwa `eps`. Kwenye 120 mwamba ulikatika vipande tisa. Nilipofika 650 hori na mwamba viliungana kwa kurukia nchi kavu ya Takwa, tukarudi kwenye kosa la mwanzo. DBSCAN nayo inapima kwa rula. Haijui kwamba kuna ardhi hapo. Inakuokoa tu kwa kuwa hatua yake ni fupi kuliko pengo. Pengo likiwa jembamba kuliko hatua, mathalani vijito viwili vilivyotengwa na ukuta mwembamba wa mikoko, itavuka bila kujua, na hapo huna budi kupima umbali kwa njia ya maji au kuzigawa nukta kwanza wewe mwenyewe.

Hapa nina jambo ambalo hukuuliza. Ule mchoro wako haukuwa na kiwiko kimoja safi. Kabla ya 180 kulikuwa na ngazi ndogo karibu na 70. Nikazitenga nukta za hori nikazichora peke yake, ngazi ile ikawa ndiyo kiwiko chenyewe. Maana yake wavua kaa wanafanya kazi kwa kusongamana sana, mtego karibu na mtego, wakati wazamiaji wametapakaa. Ni misongamano miwili, nayo DBSCAN ina hatua moja tu kwa ramani nzima. Huo ndio udhaifu wake mkubwa, na hauponi kwa kuhangaika na `eps`: ukiweka 70 hori linaonekana vizuri lakini karibu mwamba wote unageuka kelele, ukiweka 180 mwamba unakaa sawa lakini matawi ya hori yanamezwa kuwa kitu kimoja.

Nilichofanya ni kuziendesha mbali mbali, mwamba kwa 180 na hori kwa 70. Lile kundi la 398 likagawanyika matatu. Waulize wavua kaa kama wana majina matatu kwa sehemu hizo; mimi sitashangaa. Vivyo hivyo ningetenga kusi na kaskazi, kwa sababu wakati wa kusi bahari ya nje inachafuka na watu wanabana ndani, na msongamano wa mwambani unakuwa mwingine kabisa. Ukiwa na data ambayo huna njia ya kuigawa hivyo, iko OPTICS ya mwaka 1999 na HDBSCAN ya 2013, ambazo hazikulazimishi hatua moja kwa ramani nzima. Kwako naona ni kununua jahazi la kuvukia mkondo wa Shela. Unao ujuzi wa nani anavua nini; utumie huo kwanza.

Jambo dogo la kukuondolea hofu: ukizichanganya safu za faili ukaendesha tena, namba za makundi zitabadilishana, la 0 litakuwa la 3, na huenda nukta moja mbili zikahama. Viini havihami kamwe. Zinazohama ni za pembeni zilizo ndani ya upeo wa makundi mawili, ambazo huchukuliwa na kundi lililozifikia mwanzo.

Na zile 131 usizifute. Nimezipaka rangi nyekundu kwenye ramani ninayokurudishia. Nyingi ni makosa ya kifaa, kuna hata mbili zilizo juu ya kiwanja cha ndege. Ila kaskazini ya mwamba kuna nukta sita zilizokaa pamoja, zote za mwezi mmoja. Sita hazifiki nane, kwa hiyo kwa kipimo changu ni kelele. Mzamiaji aliyeziandika unamjua wewe, nenda kamuulize kama amepata pango jipya la kamba mawe au alipotea njia.